Saa imehesabu, kocha haoni

Jumamosi moja jioni alinipigia mama mmoja, mwalimu mstaafu tunayekimbia naye katika klabu moja hapa Dar. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, maana shauri lilikuwa limemkaa rohoni. Asubuhi ile alikuwa amekimbia kilomita 10.2. Saa yake ya mkononi ilikuwa imesoma hatua 18,140 kwa siku nzima, lakini programu ambayo kocha ametuagiza sote tuitumie ilionyesha hatua 3,870, na mbio zenyewe hazimo. "Mwanangu, kocha atadhani nililala. Na nimeshaifuta hiyo programu yake nikaiweka upya, wapi!"

Kazi yangu ni kupima programu za afya za simu kabla hazijafika kwa watumiaji, na malalamiko ya namna hii nayapokea kila wiki. Mara nyingi saa haina kosa, na programu ya pili haina kosa. Kilichokatika ni ruhusa moja katikati ya safari, na simu haikupigii kelele ruhusa inapokosekana. Inanyamaza tu. Nitaeleza kwa simu za Android, kwa sababu ndizo nyingi kwetu na ndiyo aliyokuwa nayo mama. Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwani wengi wetu hatujabadilisha lugha ya simu. Jina moja mawili linaweza kutofautiana kidogo kulingana na aina ya simu.

Kwanza ujue data inapita wapi. Saa haizungumzi na programu ya kocha. Saa hupeleka data kwa programu yake yenyewe ndani ya simu, kwa njia ya Bluetooth. Programu ya saa huandika data hiyo kwenye Health Connect, ghala ambalo Google ililitangaza mwaka 2022 ili programu za afya zipeane data bila kila moja kuunganishwa na nyingine. Kisha programu ya kocha huja kusoma kutoka ghala hilo. Ni kama kutuma mzigo kwa basi: wewe unaupeleka ofisini, ofisi inautunza, na mwenzako lazima aende mwenyewe kuuchukua. Ofisi haimpelekei nyumbani. Mzigo usipoonekana, swali la kwanza ni kama ulifika ofisini au la.

Kwenye Android 14 na kuendelea, Health Connect imo ndani ya simu tayari. Fungua "Settings", andika Health Connect kwenye sehemu ya kutafuta, itatokea. Kwenye Android 13 kurudi nyuma mpaka 9, inapakuliwa Play Store kama programu nyingine, na haitakubali kufanya kazi kama simu haina namba ya siri au mchoro wa kufungulia skrini. Nimewahi kupoteza nusu saa kwa kijana ambaye simu yake ilikuwa wazi kama mlango wa duka.

Mama nilimwambia tusiguse kitu chochote kwanza, tusome. Akafungua programu ya saa: mbio zimo, kilomita 10.2, na ramani yake. Basi kipande cha kwanza kizima, Bluetooth haina neno. Kisha akaingia Health Connect, akabonyeza "Data and access", halafu "Activity", halafu "Steps". Hapo unaona rekodi moja moja, na kila moja imeandikwa jina la programu iliyoileta. Zote zilikuwa zimeletwa na programu ya kocha! Hakuna hata moja ya saa. Upande wa "Exercise" palikuwa patupu kabisa.

Tazama hesabu yenyewe. Ukitoa 3,870 kwenye 18,140 unabaki na 14,270. Nikamuuliza simu ilikuwa wapi akikimbia. "Niliiacha kwenye gari." Na baadaye? "Nilikwenda nayo sokoni." Programu ya kocha ilikuwa inahesabu hatua kwa kutumia simu, basi ikahesabu za sokoni na kuzikosa za mbio. Ukikuta programu ya pili ina hatua chache kuliko saa lakini si sifuri, shuku hilo kwanza: haisomi saa yako hata kidogo, inajihesabia yenyewe.

Lililomchanganya mama ni usingizi. Kila asubuhi programu ya kocha ilimwonyesha amelala saa ngapi, na usingizi simu haiujui, unatoka kwenye saa. "Sasa kama hazijaunganishwa, usingizi unatoka wapi?" Swali zuri, na jibu lake ndilo watu wengi wanalikosa. Kwenye Health Connect hakuna kitu kinachoitwa kuunganishwa au kutounganishwa. Kuna swichi kwa kila aina ya data, na kila aina ina swichi mbili: ya kuandika na ya kusoma. Usingizi unaweza kupita huku hatua zimezuiwa. Mapigo ya moyo yanaweza kuandikwa na yasisomwe na yeyote.

Tukaingia "App permissions", tukaifungua programu ya saa. Chini ya "Allowed to write" palikuwa na orodha ndefu, na zilizowashwa ni mbili tu: "Sleep" na "Heart rate". Alikumbuka mwenyewe: alipoinunua saa mwezi Januari liliibuka dirisha lenye swichi nyingi, akaogopa, akawasha mbili alizozielewa. Baadaye dirisha likarudi likitaka nyingine, akalifunga. Likarudi tena, akalifunga tena. Halikurudi mara ya tatu, naye akashukuru.

Hapo ndipo penyewe. Ukikataa ombi mara mbili, Android haiiruhusu programu hiyo kuuliza tena. Unaweza kubonyeza kitufe cha kuunganisha mpaka kidole kichoke, dirisha halitokei, na programu nyingi haziandiki sababu. Njia pekee iliyobaki ni wewe kwenda mwenyewe kwenye "App permissions" na kuwasha kwa mkono. Tukawasha "Steps", "Distance", "Exercise" na "Total calories burned" upande wa kuandika. Kisha tukarudi, tukafungua programu ya kocha, tukawasha hizo hizo chini ya "Allowed to read". Ukiwasha upande mmoja ukasahau wa pili, umeupeleka mzigo ofisini na mpokeaji hana risiti.

Akaivuta skrini ya programu ya saa kuelekea chini ili isawazishe. Dakika mbili hivi baadaye, kwenye Health Connect chini ya "Recent access", tukaona programu ya saa imeandika, na alipofungua programu ya kocha ikaonekana imesoma. Ukurasa huo ndio ninaouamini kuliko ujumbe wowote wa "Connected". Unasema nani aliandika, nani alisoma, na saa ngapi. Mwandishi asipoonekana, tatizo liko upande wa saa. Msomaji asipoonekana, liko upande wa pili.

Mbio za Jumamosi zikatokea, lakini bila ramani. Njia uliyopita inalindwa peke yake, kwa sababu inaonyesha unapoishi na saa unazotoka. Kuruhusu "Exercise" hakuruhusu njia. Ipo ruhusa yake, "Exercise routes", na programu inayosoma hukuomba uchague kama itazame njia zote daima au iulize kila mara. Mama alichagua iulize kila mara. Nami ningefanya hivyo hivyo. Kocha anahitaji kasi na mapigo ya moyo, hahitaji kujua lango langu.

Kisha akauliza kuhusu usingizi wake wa Februari, kabla hajaenda kukimbia Moshi. Kwenye Health Connect umo, tuliuona. Kwenye programu ya kocha haumo. Kwa kawaida programu inaruhusiwa kusoma siku 30 tu kurudi nyuma, zikihesabiwa kutoka siku uliyoipa ruhusa kwa mara ya kwanza. Na ukiifuta programu, ruhusa zote zinafutika, kwa hiyo ukiiweka upya hesabu ya siku 30 inaanza kutoka siku hiyo mpya. Mama alikuwa ameiweka upya Mei 16, basi haioni chochote cha kabla ya katikati ya Aprili. Ndiyo maana kufuta na kuweka upya, dawa ambayo kila mtu huanza nayo, naiweka mwisho kabisa. Haiirudishii programu ya saa ruhusa iliyokosekana, na inakupunguzia historia. Dawa ya kweli iko chini ya "Additional access" ya programu inayosoma, swichi ya "Access past data". Lakini swichi hiyo hutaiona kama aliyeunda programu hakuiomba, na hapo huna la kufanya isipokuwa kumwandikia.

Kwenye ukurasa huo huo kuna "Access data in the background". Isipowashwa, programu husoma ghala wakati tu umeifungua iko mbele yako. Kwa mtu binafsi si tatizo. Kwa kocha anayetazama data za watu thelathini kutoka kwenye kompyuta yake, maana yake ni kwamba mbio zako hazimfikii mpaka uifungue programu. Tuliiwasha, na upande wa betri tukaiwekea "Unrestricted", kwa sababu simu nyingine huzima programu za chinichini ili kuokoa chaji.

Jumamosi iliyofuata alinitumia picha ya skrini: saa 16,905, programu ya kocha 33,120. Safari hii alikimbia na simu mkobani. Health Connect yenyewe haijumlishi mara mbili ikiombwa jumla. Hufuata orodha ya vipaumbele na kuchukua chanzo kilicho juu pale vinapopishana. Lakini programu ikisoma rekodi moja moja na kujijumlishia yenyewe, inajumlisha za saa na za simu pamoja. Namba inayokaribia maradufu ndiyo dalili yake. Tukazima kuhesabu kwa simu ndani ya programu ya kocha, na kwenye vipaumbele vya "Activity" tukaipandisha programu ya saa juu kabisa.

Wenye iPhone mjue jambo moja tu. Huko Health ya Apple humficha msomaji kama amenyimwa ruhusa: programu ya pili huona patupu, kana kwamba hujawahi kutembea. Kwa hiyo haiwezi kukuambia "sina ruhusa" hata ikitaka. Fungua Health, bonyeza picha yako, ingia "Apps", chagua programu hiyo, na utazame swichi zake moja moja.

Mama sasa ananitumia picha ya "Recent access" kila Jumamosi, bila maneno. Kocha anasema kilomita 10 zake zimekuwa za kasi kuliko za wengi wetu.