Mwanjelwa, Vwawa au vigae? Dhana potofu za msambazaji wa vifaa vya ujenzi anayetaka kukua

Tumchukue msambazaji mwenye ghala Mwanjelwa, Mbeya. Ni wa mfano, lakini hesabu zake hazimchekeshi mtu wa kazi hii. Anahudumia maduka 80 ya mjini, Uyole, Mbalizi na vijiji vya jirani. Kila duka linanunua kwake kama sh milioni 3 kwa mwezi, kwa hiyo mauzo yake ni sh milioni 240. Wengi anawapa mali kauli ya siku 30. Sasa ana sh milioni 60 za ziada na njia tatu mbele yake: kuwauzia zaidi wateja alio nao, kupeleka mzigo Vwawa na Tunduma, au kuingiza vigae.

Mgawanyo huu wa njia si mpya. Igor Ansoff aliuandika mwaka 1957, akaweka na njia ya nne, bidhaa mpya kwa soko jipya, ambayo kwa msambazaji huyu naiacha kabisa. Ugumu hauko kwenye kuzijua njia. Uko kwenye mambo ambayo wafanyabiashara wengi wanayaamini juu ya kila moja.

Dhana: "Wateja wangu wa sasa wameshafika mwisho, hawawezi kununua zaidi"

Ukweli: Msambazaji anayesema hivi anaangalia jumla ya ankara, haangalii kilichomo ndani yake. Achukue daftari, au karatasi ya Excel. Kila mstari uwe duka moja, kila safu iwe kundi moja la bidhaa anazouza tayari: misumari, nondo, waya wa kufungia nondo, bati, vitasa na bawaba, rangi, mabomba. Kisha apitie ankara za miezi mitatu na kuweka alama penye manunuzi. Nafasi zilizobaki wazi ndizo za kusoma.

Tuseme anakuta maduka 31 yanayochukua nondo kwake lakini hayachukui waya wa kufungia. Haiwezekani duka liuze nondo bila waya, kwa sababu fundi hafungi nguzo kwa mikono mitupu. Waya upo dukani, ila umetoka kwa mtu mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa bati na misumari yake na kofia, au kitasa na bawaba. Vitu vinavyotumika siku moja kwenye jengo moja vikionekana nusu kwenye ankara, nusu nyingine inanunuliwa kwingine.

Hatua inayofuata ni kwenda kuuliza, na amtume mtu asiyekuwa na deni la kudai dukani hapo siku hiyo, la sivyo mazungumzo yatageuka. Sababu kwa kawaida huwa ndogo kuliko bei. Mwenye duka Uyole anataka kilo chache za saizi nne za misumari, nawe unauza katoni nzima ya saizi moja. Gari lako linafika Alhamisi wakati mafundi wanalipwa na kununua Jumamosi, na mzigo wa Alhamisi umeshaisha. Au kikomo chake cha mkopo kimejazwa na nondo peke yake, akashindwa kuongeza waya hata kama anautaka.

Yale maduka 31 yakichukua waya wa sh 150,000 tu kila moja kwa mwezi, ni sh milioni 4.65 zaidi. Zinaingia kwenye gari lile lile, kwa dereva yule yule, kwenye njia ile ile. Akirudia hivyo kwa bidhaa nyingine, kupandisha wastani wa duka kutoka sh milioni 3 hadi 3.5 si ndoto. Hiyo ni sh milioni 40 za ziada kwa mwezi. Faida ghafi ikiwa asilimia 8, anapata sh milioni 3.2, na gharama ya usambazaji inaongezeka kidogo sana.

Lakini njia hii ina mtego wake, na nimeuona ukiwanasa watu makini. Muuzaji mwenye lengo la mwezi anasukuma mzigo dukani ili afikishe namba. Ankara zinaonyesha mauzo yamepanda, kumbe misumari imehama ghala tu, fundi hajainunua. Dalili yake inaonekana mapema ukigawa madeni yote kwa mauzo ya mwezi, kisha kuzidisha kwa 30. Mwanzoni anadai sh milioni 240 kwa mauzo ya milioni 240, yaani siku 30. Mauzo yakifika milioni 280 huku madeni yakifika milioni 400, ni karibu siku 43. Hapo hajauza zaidi. Amewakopesha wateja ghala lake.

Dhana: "Mji mpya ni mauzo mapya, na faida inafuata"

Ukweli: Faida ya mji mpya inaamuliwa na thamani ya mzigo katika safari moja. Tunduma iko kama kilomita 100 kutoka Mbeya, na Vwawa iko njiani kabla yake. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi inagharimu sh 180,000 kwa dizeli, posho ya dereva na utingo, na fungu la matairi na matengenezo. Kwa faida ghafi ya asilimia 8, gari linahitaji kushusha mzigo wa sh milioni 2.25 ili kulipia safari tu. Ukiweka muuzaji wa eneo hilo kwa sh 500,000 kwa mwezi, na safari ni nane, kila safari inabeba sh 62,500 zaidi. Kiwango kinapanda hadi karibu sh milioni 3, kabla hujafidia punguzo la kuvutia mteja mpya wala duka litakaloshindwa kulipa.

Maduka mawili yanayochukua sh 800,000 kila moja hayafikishi hapo. Maduka sita yaliyokaribiana yanafikisha. Kwa hiyo swali la kwanza ni idadi ya maduka yatakayoagiza kabla gari halijawashwa.

Kuna jambo jingine ambalo ramani inalionyesha wazi na bado linasahaulika. Bidhaa nyingi za viwandani na za nje zinatoka Dar es Salaam kwa barabara ya TANZAM, na zinapita Iringa na Makambako kabla ya kufika Mbeya. Msambazaji wa Mwanjelwa anayepeleka Iringa nondo zilizotoka Dar anazirudisha nyuma kilomita zaidi ya 300, baada ya kulipa usafiri wa kuzileta. Atashindana na mtu wa Iringa ambaye mzigo huo huo ulishushwa mlangoni kwake. Akielekea Tunduma, au Tukuyu na Kyela, mzigo unaendelea mbele na usafiri wa mwanzo haupotei. Saruji ina hesabu yake tofauti, kwa kuwa kuna kiwanda Songwe, karibu na jiji la Mbeya. Huko faida ya umbali ni ya kwako, ila inapungua kwa kila kilomita, maana mfuko wa kilo 50 ni mzito na thamani yake ni ndogo. Vitasa vya thamani hiyo hiyo vinakaa kwenye kona ya gari.

Kabla ya kuandaa safari, angalia risiti za dukani. Je, kuna wenye maduka kutoka Vwawa wanaokuja wenyewe Mwanjelwa? Wakiwepo, soko lipo. Hesabu vizuri, hata hivyo: hao wanalipa taslimu na wanabeba mzigo kwa usafiri wao. Siku utakayoanza kuwapelekea, wataomba mali kauli kama wenzao wa Uyole. Mauzo yale yale yatakuwa yamepata gharama ya gari na deni la mwezi. Mauzo mapya ni yale yanayozidi waliyokuwa wakinunua tayari.

Dhana: "Ongeza bidhaa yenye faida kubwa kwa kila kipande"

Ukweli: Vigae vinavutia kwa sababu hii hasa. Linganisha sh milioni 10 zilizowekwa kwenye misumari na sh milioni 10 kwenye vigae. Misumari unaongeza asilimia 6 tu juu ya bei ya kununulia, lakini inaisha na kununuliwa tena kila mwezi: mara 12 kwa mwaka ni sh milioni 7.2. Vigae unaongeza asilimia 25, ila mzigo unazunguka mara mbili: sh milioni 5, na hapo hujatoa vilivyovunjika.

Vigae vina tabia ya kuacha mabaki. Rangi ya toleo moja haifanani kabisa na ya toleo jingine, hata jina na namba ya muundo vikiwa sawa. Mteja akipungukiwa boksi tatu na toleo lake limekwisha, hataki lingine, na boksi nne zilizobaki za toleo jingine hazitoshi chumba. Baada ya mwaka ghala lina rundo la mabaki ambayo kwenye vitabu bado ni mali.

Bidhaa mpya inayomfaa ni ile ambayo mwenye duka yule yule tayari anainunua kwa mtu mwingine, na inayopanda gari lile lile bila matunzo ya pekee. Kwa anayeuza mabomba, viungio vyake. Kwa anayeuza bati za geji 28 peke yake, geji 30, ingawa hiyo mimi siiiti bidhaa mpya, ni pengo kwenye rafu.

Dhana: "Lazima uchague moja, uweke mtaji wote"

Ukweli: Lazima uchague ipi ianze. Kwa huyu wa Mwanjelwa ningeweka sh milioni 35 kujaza mapengo ya maduka 80, milioni 5 kwenye viungio vya mabomba kwa maduka hayo hayo, na milioni 10 kwa safari mbili za Vwawa kila mwezi zenye oda zilizothibitishwa. Milioni 10 zinabaki benki, kwa sababu Februari, mvua zikiwa zimesimamisha ujenzi na mkulima akiwa bado hajavuna, maduka yatachelewa kulipa na kiwanda hakitachelewa kudai.

Na jaribio la Vwawa lisihukumiwe kwa Julai hadi Septemba pekee. Wakati huo mahindi na kahawa vimeleta pesa, barabara ni kavu, na kila gari lenye bati linarudi tupu, la mgeni na la mwenyeji. Angalia Februari: safari bado inashusha mzigo wa sh milioni 2.25 au zaidi, na madeni ya Vwawa hayajavuka siku 45? Isipofikisha, gari lirudi kwenye njia ya Mbalizi hadi msimu ugeuke.