Altrasaundi imeonyesha sisti yenye kioo cha ukungu, ni kansa?

Swali: Dokta, nina miaka 31, piriodi zinaniuma tangu niko fomu wani, hadi natapika. Juzi nimepiga altrasaundi, ripoti inasema ovari ya kushoto ina sisti ya sentimita 4.6 yenye mwonekano wa kioo cha ukungu. Ni kansa?

Pole sana dada, miaka yote hiyo ni mingi. Hiyo sisti kwa maelezo yako inafanana zaidi na sisti ya endometriosisi. Yaani tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi imeota kwenye ovari, kila mwezi inavuja damu kidogo, damu haina pa kutokea, basi inakaa miezi na miaka mpaka inakuwa nzito ya kahawia kama chokoleti iliyoyeyuka.

Sisti ya maji matupu kwenye skrini inatoka nyeusi tii, lakini damu ya zamani ina chembechembe ndogo ndogo zimeenea kote sawasawa, mawimbi ya mashine yakizigonga yanarudi, ndo maana inaonekana kijivu kilekile mwanzo mwisho, kama dirisha la bafuni linaloingiza mwanga ila huoni aliye ndani.

Kuhusu kansa, soma ripoti uone kama imetaja nyama iliyoota ndani ya sisti na kama dopla, yaani altrasaundi inayoonyesha damu ikitembea, imeona damu ikipita kwenye nyama hiyo. Kama vyote havipo, na kwa umri wako, uwezekano wa kansa ni mdogo sana. Vikiwepo, muone daktari bingwa wa wanawake mapema.

Swali: Mwingine kaniambia labda ni damu tu ya yai lililopasuka, itaisha yenyewe.

Inawezekana, zinafanana kweli. Ile ya yai mara nyingi ndani ina nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na hunywea yenyewe. Kwa hiyo rudia altrasaundi baada ya wiki 6 hadi 12, ikiwa bado ipo vilevile, hiyo ni endometriosisi karibu kabisa, hasa ukijumlisha na maumivu yako ya miaka.

Swali: Nifanyiwe opareshini?

Hapa usikimbilie. Kuondoa sisti kunapunguza maumivu lakini ganda lake limeshikana na ovari, likibanduliwa mayai mengine yanaondoka nalo, na sisti inaweza kurudi. Kama unataka mtoto, mwambie daktari kabla ya kupanga chochote, na uliza kipimo cha AMH cha akiba ya mayai. Kama hutaki mimba sasa hivi, vidonge vya homoni vinavyonywewa mfululizo bila kuruhusu piriodi vinatuliza wengi, ila ukiacha maumivu huwa yanarudi.

Yakikushika ghafla maumivu makali upande mmoja, au ukapata homa, nenda hospitali usiku huohuo, ovari inaweza kuwa imejisokota au sisti imepasuka.