“Tuko chini ya bajeti, tumeokoa”: dhana inayonichosha kuliko zote

Ripoti za mwezi zikishatoka kwenye ERP, mfumo wa kompyuta wa hesabu za kampuni, mameneja wa malori hapa Mombasa huniletea habari ile ile huku wakitabasamu: kituo changu cha gharama, yaani matumizi ninayosimamia, kiko chini ya bajeti, tumeokoa. Hapana jamani! Hamjaokoa kitu mpaka mjue mmefanya kazi kiasi gani.

Tuchukue kituo cha gharama cha malori ya Mombasa hadi Nairobi. Tuseme bajeti ya dizeli ya mwezi ilikuwa safari 100 za kwenda na kurudi, lita 500 kila safari, kwa shilingi 170 lita. Hiyo ni shilingi 8,500,000. Mwezi umekwisha, mfumo unaonyesha matumizi halisi 7,870,500. Kwenye safu ya tofauti pana 629,500 za kijani, na kwenye safu ya maelezo meneja ameandika “gharama ya mafuta imepungua”. Hayo si maelezo. Ni ile namba imevalishwa maneno.

Ukweli ni kwamba safari zilikuwa 90. Kwa safari 90, bajeti yenyewe ingeruhusu shilingi 7,650,000 tu. Kwa hiyo kwa kazi iliyofanyika, kituo kimepitiliza kwa 220,500. Zile safari 10 ambazo hazikwenda zimepunguza 850,000, lakini huko si kuokoa, maana mapato yake nayo hayakuja.

Bado hatujamaliza. Dizeli iliyochomwa ni lita 47,700, yaani 530 kwa safari badala ya 500. Lita 2,700 za ziada kwa bei ya bajeti ni shilingi 459,000 zilizopotea. Bei nayo ilishuka hadi wastani wa 165, ikarudisha 238,500. Bei hiyo haikuwa juhudi ya meneja. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za juu za vituo vya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, zikaanza kutumika tarehe 15, ndiyo maana mwezi mmoja huwa na bei mbili na sisi hutumia wastani. Kinachomhusu meneja ni zile lita: malori yamenguruma kwenye foleni ya bandarini, yamerudi kwa mzunguko, au kuna mtu anafyonza tangi? Namba haisemi ni lipi, ila inasema uanzie wapi kuuliza.

Kabla hujamshika dereva shati, hakikisha hizo lita zimetoka wapi. Kampuni yenye tangi lake uani ikiingiza ankara yote ya mafuta kwenye gharama siku yanapopokelewa, mfumo unaonyesha lita zilizonunuliwa, si zilizochomwa. Mafuta yaingie stoo kwanza, kisha yatolewe kwa kila lori kwa hati ya stoo. Na bajeti iwekwe kwenye ERP kwa safari, lita na bei. Ukiingiza shilingi peke yake, uchambuzi wote huu haufanyiki.

Ninapokagua maelezo ya tofauti huwa nauliza jambo moja zaidi, na watu hulichukia: itajirudia? Zile safari 10 zikiwa zimechelewa kwa sababu meli ilichelewa, zitakuja mwezi ujao, na makisio ya mwezi ujao yapande. Mteja akiwa ameondoka, makisio ya mwaka mzima yashuke, ya gharama na ya mapato. Nazo lita 530, kama chanzo hakijarekebishwa, ndizo ziingie kwenye makisio hata kama zinauma.

Hapo ndipo wengine huniambia, “Basi tubadilishe bajeti.” Msiiguse. Makisio yana toleo lake ndani ya mfumo, na bajeti iliyopitishwa inabaki ilivyo. Ukiisogeza kila mwezi ifuate matumizi halisi, tofauti zitaisha na ripoti haitakuwa na kazi.

Kugawa bajeti ya mwaka kwa 12 nako ni uvivu. Hoteli ya Nyali au Diani inayogawa hivyo itaonekana hodari Mei, kwenye mvua na vyumba vitupu, kisha ionekane fujaji Desemba.

Na wale wanaoona salio kwenye ripoti wakadhani pesa ipo: tazameni safu ya LPO, yaani hati za kuagiza bidhaa, ambazo hazijalipwa, pamoja na bidhaa zilizopokelewa bila ankara. Matairi yaliyoingia stoo tarehe 29, ankara yake ikaletwa tarehe 6, ni gharama ya mwezi uliokwisha kama yamefungwa kwenye lori mwezi huo. Mhasibu asipoyawekea makadirio kabla ya kufunga mwezi, mtashangilia mwezi huu na kugombana unaofuata.