Glisini, arjinini na methionini: mwili unavyojitengenezea kreatini

Kreatini inajulikana zaidi kama ule unga mweupe wa kopo wanaokunywa wanyanyua vyuma. Lakini hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga jimu anayo tele. Sehemu kubwa imo ndani ya misuli, na nyingine iko kwenye ubongo. Kazi yake ni kubeba fosfati ya akiba, ili seli ikiishiwa ghafla na ATP, molekuli inayoipa nishati, iweze kuirudisha papo hapo.

Akiba hiyo hupungua kila siku. Kreatini hugeuka yenyewe, pasipo kimeng'enya chochote, ikawa kreatinini na kutoka kwa mkojo. Ndiyo hiyohiyo kreatinini inayopimwa maabara kuangalia hali ya figo. Mtu mzima wa kilo 70 hupoteza takriban gramu 2 kwa siku. Anayekula nyama na samaki hufidia karibu nusu kwa chakula, maana robo kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 1 hivi, na nusu iliyobaki huundwa mwilini. Asiyegusa nyama wala samaki huiunda karibu yote.

Malighafi ni asidi amino tatu, ila michango yao hailingani hata kidogo. Fomula ya kreatini ni C4H9N3O2. Glisini huingia nzima na kuleta kaboni 2 na nitrojeni 1. Arjinini hutoa kipande kimoja tu, kiitwacho amidino, chenye kaboni 1 na nitrojeni 2. Methionini hutoa kikundi cha methili, yaani kaboni 1 na haidrojeni zake. Jumlisha: kaboni 4, nitrojeni 3.

Hatua ya kwanza hufanyika zaidi kwenye figo. Kimeng'enya AGAT hukivua kile kipande kutoka kwa arjinini na kukipachika kwenye glisini. Arjinini iliyovuliwa hubaki kuwa ornithini, nayo ina matumizi yake mengine. Kinachopatikana ni guanidinoasetati, ambayo bado si kreatini. Inaingia kwenye damu na kusafiri hadi kwenye ini, na huko kimeng'enya cha pili, GAMT, huiongezea methili. Methionini haiwezi kuitoa methili hiyo ikiwa katika hali yake ya kawaida. Sharti kwanza iunganishwe na ATP. Ikishatoa, huishia kuwa homosisteini, ambayo mwili huweza kuirudisha kuwa methionini kwa msaada wa foleti na vitamini B12. Kreatini iliyokamilika hutoka kwenye ini, ikaifuata misuli kwa njia ya damu.

Je, ukimeza asidi amino hizi kwa wingi utapata kreatini nyingi zaidi? Si lazima. Breki iko kwenye AGAT: kreatini ikishakuwa ya kutosha, tuseme kwa sababu mtu anakunywa ule unga, figo hupunguza utengenezaji wa kimeng'enya hicho. Kwa anayeishi kwa mimea, wa kuangaliwa ni methionini, kwa sababu mwili hauwezi kuiunda kutoka mwanzo. Protini ya maharage ina methionini kidogo, ya mahindi ina afadhali, kwa hiyo ugali kwa maharage si mlo wa kubezwa.

Umuhimu wa kuwa na hatua mbili ulionekana wazi mwaka 1994, pale madaktari wa Ujerumani walipoeleza habari za mtoto mdogo aliyekuwa amechelewa kukua kiakili na ana matatizo ya kutawala viungo vyake. Kipimo cha ubongo kwa mashine ya sumaku hakikuonyesha kreatini kama ilivyotarajiwa. Wakampa arjinini. Guanidinoasetati ikapanda kwenye ubongo, kreatini haikuongezeka. Maana yake hatua ya figo ilikuwa nzima, na kilichokosekana ni GAMT. Walipompa kreatini yenyewe kwa mdomo, kiwango chake kwenye ubongo kikaanza kupanda.

Tangu hapo, mkojo na damu husaidia kujua hitilafu iko wapi. Guanidinoasetati ikiwa juu sana, anashukiwa GAMT. Ikiwa chini mno, anashukiwa AGAT. Mgonjwa wa AGAT hutibiwa kwa kreatini. Wa GAMT huhitaji zaidi ya hiyo, kwa sababu guanidinoasetati iliyorundikana inaudhuru ubongo: hupunguziwa arjinini kwenye chakula na kuongezewa ornithini, ili AGAT ipunguze kasi. Wapo pia watoto ambao vimeng'enya vyote viwili vinafanya kazi, ila kisafirishaji cha kuingiza kreatini ndani ya seli ndicho kibovu. Hao wanaweza kunywa kreatini kila siku na ubongo ukaendelea kuikosa.