Momenti kuzunguka nukta ipi?

Jioni moja kijiweni dereva wa bodaboda alikuwa akisimulia jinsi tairi la mbele lilivyomnyanyukia akipanda mlima na gunia la mkaa nyuma. Mwenzake, aliyeonja fizikia kidogo sekondari, akamkatiza: "Hiyo ni momenti, kaka. Injini yako ina momenti kubwa." Wote wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikanyamaza na chai yangu. Lakini neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, kana kwamba momenti ni kitu kinachowekwa ndani ya injini kama oili.

Momenti ya kani ni kipimo cha jinsi kani inavyoweza kukizungusha kitu kwenye nukta fulani: kani yenyewe mara umbali wa kutoka kwenye nukta hiyo hadi kwenye mstari wa kani, ukipimwa kwa pembemraba, umbali unaoitwa mkono. Aliyewahi kufungua nati iliyoshika kutu kwa spana fupi, kisha akaongeza bomba ili spana irefuke, ameshaelewa. Ninaloligombania ni yale maneno mawili ambayo watu huyameza: "nukta fulani".

Asili ya neno yenyewe ina sehemu katika lawama. Momenti ni la Kilatini, kwenye ukoo wa maneno ya kusogea, na kwa muda mrefu wahandisi wa Kiingereza walilitumia kwa kila kani yenye mkono. Mwaka 1884 mhandisi James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, akapendekeza neno jingine, torque, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kusokota, kwa ajili ya vitu vinavyozungushwa kama shafti. Tangu hapo Kiingereza kina maneno mawili. Sisi tumebaki na moja, na chini yake tumejaza kinachozungusha kranki, mhimili wa ndani ya injini, na kinachonyanyua pikipiki nzima. Na mtu asiyependa hata hilo moja husema "nguvu" tu, neno ambalo tayari linabeba kani, uwezo wa injini na misuli ya mpakiaji.

Sasa tuirudie pikipiki ya mlimani. Chagua nukta: pale tairi la nyuma linapogusa barabara. Pikipiki ikinyanyuka, hapo ndipo inapoegemea. Swali langu kwa yule mwenzake lingekuwa hili: msukumo wa barabara kwenye tairi, ule unaoisukuma pikipiki mbele, una momenti kiasi gani kuzunguka nukta hiyo? Jibu ni sifuri. Kani inapita kwenye nukta yenyewe, haina mkono wowote. Injini iwe kubwa kama ya lori, jibu halibadiliki.

Basi kinachonyanyua ni nini? Kitovu cha uzito kiko juu ya barabara, kwa kimo tutakachokiita h, na mbele ya nukta yetu kwa umbali b. Uzito unavuta chini kwa mg, yaani tungamo m mara mchapuko wa mvutano wa dunia g, na momenti yake, mg mara b, ndiyo inayolibana tairi la mbele lisiondoke. Upande wa pili, pikipiki inaongeza mwendo, na kitovu hicho hakitaki kuharakishwa. Ukihesabu ukiwa umekaa juu ya pikipiki, ni kama kuna kani ya ma, tungamo mara mchapuko a, yaani kasi ya kuongeza mwendo, inayokivuta nyuma kwa kimo cha h. Kani hiyo hakuna anayeivuta. Ni namna ya kuweka hesabu sawa kwa sababu nukta yetu nayo inakimbia. Tairi la mbele linakuwa jepesi kabisa pale mah inapofikia mgb, na m ikifutwa pande zote mbili kinabaki hiki:

a = g × b / h

Hapo hamna injini, na wala hamna uzito. Ni umbo tu: kitovu kiko mbele kiasi gani, na juu kiasi gani.

Chukua pikipiki na dereva, jumla kilo 190, kitovu chake mita 0.6 mbele ya mguso na mita 0.65 juu. Kikomo ni mchapuko wa kama mita 9 kwa sekunde kila sekunde, na kuufikia kunahitaji msukumo wa nyutoni 1,700 hivi. Sasa funga gunia la kilo 80, katikati yake ikiwa mita 0.2 nyuma ya nukta na mita 1 juu. Kitovu cha wote kinarudi hadi mita 0.36 na kupanda hadi 0.75. Kikomo kinashuka karibu nusu, hadi mita 4.7, na msukumo wa kukifikia ni nyutoni 1,270 hivi, ingawa mzigo umeongezeka. Injini ya sentimita za ujazo 150 yenye nyutoni mita 12 kwenye kranki, ikizidishwa kama mara 30 na gia namba moja pamoja na cheni, kwenye gurudumu la nusu kipenyo cha mita 0.3, hutoa nyutoni 1,200 kabla ya hasara. Haitoshi, ila kwa pungufu ndogo. Ukiachia klachi ghafla, injini iliyokwisha kuzunguka kwa kasi humwaga sehemu ya mzunguko wake mara moja, na pungufu hiyo inazibwa.

Mlima nao? Kwenye mwinuko wa nyuzi 15 msukumo wa kunyanyua unabaki karibu uleule, nyutoni 1,230. Lakini zaidi ya nusu yake huliwa na kuubeba mzigo juu tu, hata bila kuongeza mwendo. Mchapuko unaobaki kabla ya tairi kuondoka ni kama mita 2. Ndiyo maana tairi linanyanyuka wakati dereva anajiona bado anatambaa, na ndiyo maana haamini kwamba kosa ni mafuta aliyoyavuta.

Haya yote yanadai tairi la nyuma lishike. Kwenye matope linateleza kwanza na mbele hakunyanyuki. Na likishaanza kuondoka mambo huharakika, maana kadiri linavyopanda ndivyo b inavyopungua na h inavyoongezeka. Aliyezoea hugusa breki ya nyuma: mchapuko unageuka, na mbele inarudi chini.

Wanaokimbiza pikipiki za mashindano ya MotoGP wanalijua jambo hili vizuri. Injini zao zina uwezo wa kupitiliza, kwa hiyo timu zilibuni vifaa vya kuishusha pikipiki wakati wa kuondoka ili h ipungue. Kuanzia msimu wa 2027 kanuni zinavipiga marufuku.

Kaka wa kijiweni hakukosea sana. Momenti ipo, tena mbili zinazoshindana. Ila zote mbili ni za kuzunguka mguso wa tairi la nyuma, na ile ya injini anayoisifu inazunguka kranki, sehemu nyingine kabisa. Angemwambia mwenzake "gunia lako limerudisha kitovu nyuma, lisogeze mbele kidogo na ulilaze chini", nisingekuwa na la kuongeza.