Uzito "mzuri" kwenye kadi: mtoto mwenye trisomia 21 na chati anazohitaji

Mtoto mwenye trisomia 21, yaani hali ya Down, akisomwa kwa kadi ya kawaida ya kliniki peke yake, kadi inaweza kupotosha mara mbili: urefu unaonyesha amedumaa, uzito unaonyesha yuko sawa. Katikati ya majibu hayo mawili ndipo unene unapoanza bila mtu kuuona.

Chukua binti wa miaka mitatu na nusu (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Kilo 15.5, sentimita 89. Kwenye kadi, uzito wake unaangukia karibu na katikati, kwani wastani wa binti wa umri huo ni kilo 15 hivi. Urefu uko chini ya mstari wa −2, ambao ndio mpaka wa udumavu. Mama yake alikuja akiuliza ampe nini ili arefuke.

Kabla ya kujibu tulimpima upya. Watoto hawa misuli yao ni legevu, na akisimama magoti hukunjika kidogo. Kwa hiyo mtu mmoja alimshikia magoti na visigino, mwingine akashusha ubao wa kichwani. Ukikosea sentimita mbili tu hapo, hesabu zote zinazofuata zinayumba.

Kisha nikafungua chati za watoto wenye hali ya Down, zilizotokana na utafiti wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 2015. Humo urefu wake uko karibu na katikati. Si mdumavu: anakua kama wenzake wenye hali hiyo. Amerefuka sentimita tatu kwa miezi sita, mwendo usionitia shaka. Angekuwa ananenepa huku urefu umesimama, ningeanza kushuku tezi ya shingo, ambayo huwasumbua mara nyingi. Hata hivyo kipimo cha homoni ya tezi hufanywa kila mwaka, na chake kilikuwa kimefika wakati, kwa hiyo nikakiomba.

Chati hizo zina ukurasa wa BMI pia, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, na hapo wengi huteleza. Zinaeleza watoto walivyokuwa walipopimwa, na miongoni mwao walikuwemo wanene wengi. Ukimlinganisha mtoto nao, unene unaonekana wa kawaida. Utafiti uliofuata, kwa vijana wa miaka 10 na kuendelea, ulikuta kwamba chati ya BMI ya watoto wote hubaini mafuta ya ziada vizuri zaidi. Kwa hiyo mimi urefu nausoma kwenye chati za hali yake, lakini uzito kulingana na urefu nausoma kwenye chati za WHO. Kwa sentimita 89, katikati ya WHO ni kilo 12 na kitu, na mstari wa +2 uko karibu na kilo 15. Huyu ameshauvuka, na chini ya miaka mitano huo ndio uzito uliozidi.

Mwendo wake unasema zaidi. Akiwa na miaka miwili na nusu BMI yake ilikuwa 16.5, miezi sita baadaye 17.6, sasa 19.6. Kwa miezi sita ya mwisho ameongeza kilo mbili na nusu, wakati mtoto wa umri huo huongeza kama kilo moja.

Nikamwomba mama anieleze chakula cha jana, tangu alfajiri. Asubuhi uji wa lishe wenye karanga na kijiko kikubwa cha mafuta, jioni vivyo hivyo, na katikati chupa tatu za maziwa yenye sukari.

"Mafuta ulianza lini, mama?"

"Kabla ya operesheni. Waliniambia niongeze ili apate nguvu."

Ushauri ulikuwa sahihi kwa wakati ule. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo huchoka akinyonya na hutumia nguvu nyingi kupumua. Tundu la moyo wake lilizibwa, hitaji hilo likaisha, ila hakuna aliyemwambia mama aache. Vijiko viwili vya mafuta kwa siku ni takriban kalori 240, kwa mtoto ambaye mwili wake ukipumzika hutumia nguvu kidogo kuliko wa wenzake. Na kwa kuwa kutafuna kulimpa shida, kila kitu kilisagwa. Kilichosagwa humezwa haraka, bakuli linaisha kabla hajahisi kushiba.

Hatukumpunguzia kilo. Mafuta ya ziada na sukari vimeondolewa, maziwa yamekuwa vikombe viwili badala ya chupa, na chakula kinapondwa kwa uma, kikizidishwa ugumu taratibu: ndizi zilizoiva, viazi, samaki asiye na miba. Akikohoa au sauti ikawa na majimaji wakati wa kula, tunasimama na kumpeleka akapimwe kumeza, kwa sababu baadhi yao chakula huingia njia ya hewa hata bila kikohozi.

Akibaki na kilo 15.5 hadi afike sentimita 95, BMI itashuka hadi 17.2. Kwa mwendo wake ni kama mwaka mmoja. Tutampima kila baada ya miezi mitatu, na uzito ukishuka badala ya kutulia, nitaongeza chakula.