Barua pepe ya sentensi tatu kwa mteja asiyekujua

Swali ni hili: "Nitamwandikiaje barua pepe mteja ambaye hanijui, nimweleze faida ya kazi yangu kwa sentensi tatu tu?"

Anza na kile ulichokiona kwake, useme kitakachobadilika ukimfanyia kazi, kisha umuulize swali dogo. Habari zako mwenyewe atazitaka baadaye, akishajibu.

Tuchukue mtu wa Moshi anayetafsiri kwa Kijerumani. Anaitaka kazi ya kampuni inayopandisha watalii Kilimanjaro. Wengi wangeanza hivi: "Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mfasiri mwenye uzoefu wa miaka tisa..." Sasa mtazame meneja akiwa na simu mkononi. Kwenye kikasha chake anaona jina asilolijua, kichwa cha barua, na maneno machache ya mwanzo. Maneno hayo machache yameliwa yote na salamu, kwa hiyo hana sababu ya kuifungua. Salamu lazima iwepo, sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, ila iwe fupi na isihesabiwe kati ya zile tatu.

Mfasiri wetu aandike hivi kuhusu Lemosho, mojawapo ya njia za kupandia Kilimanjaro:

Kichwa: Safari ya Lemosho kwa Kijerumani

"Habari za asubuhi, Bi. Meneja.

Nimeona kwenye tovuti yenu kwamba mna waongozaji wanaozungumza Kijerumani, lakini maelezo ya safari ya Lemosho ya siku 8 yapo kwa Kiingereza peke yake. Naweza kuyatafsiri ili Mjerumani anayelinganisha kampuni asome ratiba, bei na orodha ya vifaa kwa lugha yake kabla hajawaandikia. Je, nikutumie maelezo ya siku ya kwanza, ambayo nimeshayatafsiri, uyaone bila malipo?"

Chini yake ni jina, namba ya simu na mji, basi.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayokula muda. Ilimbidi mfasiri aipekue tovuti mpaka akute pengo: waongozaji wa Kijerumani wapo, ukurasa wa Kijerumani haupo. Kampuni imeshagharimia nusu ya jambo, na nusu ya pili haijafanyika. Ukitaka kujua kama sentensi yako imefika hapo, jaribu kumpelekea mshindani wake barua hiyohiyo. Ikimfaa na yeye bila kubadilisha neno, bado hujaona kitu.

Ya pili ndiyo wengi wanaikosea. Huandika "natoa huduma bora za tafsiri", na hayo ni maelezo ya kazi, faida haimo. Faida ni kile atakachokiona mteja wa mteja wako: yule Mjerumani aliyekaa kwake usiku akisoma ni vifaa gani abebe. Usiahidi kwamba wageni wataongezeka mara mbili kama huna kazi uliyowahi kuifanya ya kuthibitisha. Meneja anaijua biashara yake, na ahadi tupu ataitambua mara moja.

Ya tatu ijibike kwa neno "ndiyo". Kumwomba mtu asiyekujua nusu saa ya mazungumzo ni kumdai kabla hujampa chochote. Wala usiambatishe faili wala kurundika viungo katika barua ya kwanza. Mtu mwangalifu hafungui faili la mgeni, na mitambo ya barua pepe nayo huitilia shaka barua ya namna hiyo.

Kimya kikitawala, chunguza kwanza kama barua inafika. Jitumie kwenye anwani yako nyingine ya Gmail, uifungue kwa kompyuta, ubonyeze nukta tatu zilizo juu ya barua, kisha `Show original`. Mbele ya `SPF` na `DKIM`, vipimo vya kuhakiki barua imetoka wapi kweli, pasomeke `PASS`. Kama unatumia anwani ya tovuti yako mwenyewe na hapasomeki hivyo, huenda barua zako zinaishia kwenye barua taka, na kuzirembesha maneno hakutasaidia. Kama zinafika, ngoja siku kadhaa za kazi, kisha kumbusha mara moja ndani ya barua ileile, safari hii ukiiweka hapohapo ile tafsiri ya siku ya kwanza. Asipojibu tena, mwache.

Barua hii inafaa kwa kampuni ya Moshi au Arusha. Usiipeleke kwa wakala wa safari aliyeko Ujerumani: sheria ya huko ya ushindani wa biashara, UWG, katika kifungu cha 7, inataka mtu awe ametoa idhini kabla ya kutumiwa tangazo kwa barua pepe, hata kama ni kampuni inayoiandikia kampuni. Mawakala kama hao watafute ana kwa ana kwenye maonyesho ya utalii kama Karibu-KiliFair, yanayofanyika mwezi Juni kaskazini mwa Tanzania, na uwaulize hapohapo kama unaweza kuwaandikia.